Kapaketi ka Bule ka Emérence

Mi niko mutu ya kushuku, siifiche. Hapa Mulekera, Beni, mutu akikupa kitu ya bule unajiulizaka kwanza: huyu anataka nini?

Emérence anakaangaka kahawa kwake Butembo, pembeni ya Rughenda. Nilimuagizia paketi sita kwa WhatsApp, yangu na za bamama benye tunaimba nabo kwa chorale. Karto ilifika na pikipiki. Paketi za karatasi ya kaki, muhuri ya jina yake aliyoichonga mwenyewe kwa kipande ya kandambili, zimefungwa na kamba ya mugomba. Ilipendeza, kweli. Ila ndani kulikuwa kakaratasi ka mukono: "Wasingya, Mama Sadrack." Asante, sawa, lakini jina ya mutoto yangu aliitoa wapi? Na chini, kapaketi kadogo ka unga sikukaagiza, bila hata neno moja juu yake.

"Hii ni karuho, ni sumu!" nilisema. Na sumu, hapa kwetu, hakuna mutu anachezaka nayo. Chorale yote ikaacha kuagiza.

Emérence alinipigia simu. "Mama, nusu ya kahawa yangu inakwendaka Beni. Mukiacha, nafunga."

Siku ya tatu akafika yeye mwenyewe, na kapaketi kengine. Hakubishana. Alichemusha maji, akamimina ule unga, akakunywa wa kwanza mbele yetu, vile mwenye kukaribisha anapaswaka kufanya. Ilikuwa tangawizi na muchaichai.

"Na jina ya Sadrack?" niliuliza.

"Mama, si ndiyo jina uliweka kwa WhatsApp yako: Mama Sadrack?"

Nilisikia haya. Lakini nilimuambia ukweli: "Kitu ya bule isiyo na jina inatutisha. Na nani atatuhakikishia haikufunguliwa njiani?"

Tangu siku ile, kila paketi anaiandikaka: nini iko ndani, siku aliisaga, namba yake ya simu. Juu ya mukunjo anabandika kipande ya karatasi na gundi, na sahihi yake inavuka mpaka kwa paketi yenyewe. Ukifungua, inapasuka. Karatasi na kalamu tu, basi. Chorale ikarudi.

Mwezi uliopita, karto ilifika na kakaratasi kamoja ka gundi kamepasuka. Motard, yule wa pikipiki, alisema askari balipekua mizigo kwa barrière, kizuizi ya njiani. Nani anaaminika, motard? Nilimupigia Emérence nikiwa tayari kugombana, maana nilijua atasema haina shida, mukunywe tu.

"Usikunywe, Mama Sadrack!" alisema mbio mbio. "Hata mi siwezi kujua nani aliigusa. Imwage. Natuma ingine leo."

Tangu nizaliwe, hakuna mufanyabiashara aliyeniambia nimwage mali yake. Niliimwaga, nikalia kidogo, kisha nikaagiza kumi na mbili.