Pumzi za Mtoto kwenye Kadi ya Elmina

Elmina Gesare, afisa wa kliniki katika zahanati moja ya Kimulot, alikuwa amechoka na namba zilizotawanyika. Noti zake za chuo ziliandika sukari ya damu kwa miligramu; mashine ya zahanati inasoma kwa milimoli. Akagawanya kwa kumi na nane. Himoglobini akaitoa kwenye kitabu kimoja, potasiamu kwenye kingine, mapigo ya moyo na pumzi za watoto kwenye kurasa za fotokopi. Yote yakaenea kwenye kadi moja ya mfukoni, na saiba, duka la kompyuta la Mogogosiek, ikatoa nakala kwa kila mhudumu na kuzitia plastiki.

Wiki ya kwanza kila mtu aliisifu, hasa Tecla, muuguzi wa zamu.

"Kadi yako imenisaidia leo, daktari. Mtoto wa Rodah, wa miezi minane, anakohoa. Amepumua mara hamsini na nne kwa dakika. Kadi inasema mwisho sitini, nikamwambia mama ni homa tu, aende."

Elmina aliitoa yake. Chini ya mwaka: 30–60. Kitabu alichonakili kilikuwa kimewaweka watoto wachanga na wa miezi kumi kwenye mstari mmoja. Mwongozo uliobandikwa ukutani unawatenganisha: sitini ni mpaka wa walio chini ya miezi miwili. Kuanzia miezi miwili hadi mwaka, mtoto anayekohoa akifika hamsini anatibiwa nimonia.

"Si ukuta uko hapo, Tecla?"

"Si ulitupatia kadi ndio tuache kukimbilia ukuta?"

Simu ya Rodah ilikuwa imezimwa, lakini Tecla alijua alikoelekea. Elmina alitia dawa kwenye mkoba, akashuka haraka hadi kituo cha kununulia majani chai, ambako wakulima walikuwa wakingoja lori.

"Ai, daktari! Umenifuata mpaka kwa majani?" Rodah alicheka, mtoto mgongoni. "Kwani nimewaibia kipima joto?"

"Mteremshe kidogo. Nataka kuhesabu tena."

Mtoto alitulia. Elmina alihesabu dakika nzima: hamsini na sita. Kifua hakikubonyea ndani alipovuta pumzi, na alikuwa ananyonya vizuri. Rodah alikuwa ameacha kucheka.

"Mlisema ni homa."

"Tulikosea. Kadi yangu ilikosea. Hii dawa unayeyusha kwa maji, asubuhi na jioni, siku tano, hata akipata nafuu. Akikataa kunyonya ama kifua kikianza kubonyea, usingoje. Kuja."

Aliporudi alikusanya kadi zote, akazikata kwa makasi. Tecla alimtazama, kisha akasema polepole:

"Daktari, mimi nilipiga picha. Niliiweka kwa grupu ya WhatsApp."

"Grupu gani?"

"Ile ya wenzetu wa Konoin na Kericho. Waliipenda sana."

Elmina alituma masahihisho papo hapo. Ni muuguzi wa Kiptere tu aliyejibu, kwa dole gumba.  Elmina akafungua orodha ya waliousoma ujumbe, akaanza kuwapigia simu wasiokuwemo, mmoja baada ya mwingine, huku foleni ikirefuka nje.