Alama Sabini na Mbili

Mimi ni mtu wa kuchoka upesi, na nikichoka sinyamazi. Nalitaja hili mwanzoni kwa sababu yaliyonifika katika kazi ile ya makaratasi yalianzia kwenye mdomo wangu.

Tulikuwa wanne katika chumba cha ghorofani, Mji Mkongwe, karibu na Darajani, mahali ambapo harufu ya samaki ilikuwa ikipanda ngazi kabla yetu. Tulikuwa tunaokoa makaratasi ya ofisi za zamani, kuanzia mwaka sitini na nne hadi mwanzoni mwa miaka ya sabini, yaliyokuwa yameliwa na mchwa na unyevu. Wenzetu wa chini waliyapiga picha, mbele na nyuma. Programu ya kompyuta ikaitazama kila karatasi na kuamua ni ya aina gani: barua, hati ya nyumba, orodha ya wafanyakazi, au fomu tupu. Pamoja na jibu ilitoa alama, kati ya sifuri na mia, ya kuonyesha ina hakika kiasi gani. Karatasi iliyopata themanini na tano kwenda juu ilipelekwa moja kwa moja kwenye fungu lake bila ya mtu kuiona. Iliyopungua hapo ilikuja kwetu, kwenye foleni, tuiamue kwa macho yetu. Hiyo themanini na tano ndiyo tukiiita kizingiti.

Fomu tupu zilikuwa na hukumu yao peke yake. Picha zake kubwa zilifutwa ili kupata nafasi, ikabakizwa picha ndogo tu, kiasi cha stempu, na karatasi zenyewe zikatiwa kwenye magunia kwenda kuchomwa. Nani atalilia fomu ambayo hakuna aliyeijaza?

Mama yangu alikuwa akiisubiri kazi ile kuliko mimi niliyelipwa kuifanya. Baba yake, babu yangu ambaye sikumuona, alikuwa karani katika ghala la karafuu. Siku moja aliomba ruhusa ofisini kwake, akavuka kwenda bara kutibiwa macho, na hakurudi tena. Watu walisema amewakimbia watu wake, amepata mke mwingine huko. Bibi alikufa akiliamini hilo. Mama alikuwa na miaka sita, na siku babu alipoiandika ile barua ya ruhusa, yeye ndiye aliyemshikia kichupa cha wino.

"Nnakumbuka alivyokaa," alikuwa akiniambia kila tukila chakula cha mchana katika fleti yetu ya Michenzani. "Mimi nnataka kujua aliomba siku ngapi, basi. Kama aliomba wiki mbili, alikuwa na nia ya kurudi. Kama aliaga kazi, basi alitukimbia kweli. Hujaiona tu, mwanangu?"

"Bado, mama. Maboksi ya ghala hayajafika."

"Yakifika uyaangalie wewe mwenyewe. Usiliachie hilo likompyuta lenu."

Nilimuahidi. Niliahidi kwa wepesi, kama mtu anavyoahidi kununua mkate njiani.

Foleni ikawa ndefu. Kila asubuhi tulikuta karatasi nyingi kuliko tulizozimaliza jana, kwa sababu maandishi ya zamani yamefifia na programu ilisita kwa kila kitu. Macho yakaniwasha, shingo ikakaza. Msimamizi wetu, kijana mpole aliyekuwa akituita dada sote hata tuliomzidi umri mwingi, alipouliza tufanyeje, ni mimi niliyejibu. Nilisema nusu ya tunayoletewa ni upuuzi, mashine imeshapata jibu ila inajitia haya tu. Nikamwambia akishushe kizingiti hadi sabini.

Hakukubali hivi hivi, nimtendee haki. Alinipa fungu la karatasi zenye alama kati ya sabini na themanini na tano, nizikague moja moja nione programu imekosea mara ngapi. Nilizikagua siku mbili. Makosa yalikuwa ya kuhesabika kwa vidole, nami nikapanda kwake na karatasi yangu kama mwanafunzi aliyefaulu. Kizingiti kikashushwa siku ile ile. Foleni ikapungua, tukaanza kupata wakati wa kunywa chai tumekaa.

Nilichohesabu ni idadi ya makosa. Sikutazama yameangukia wapi. Karibu yote yalikuwa kwenye karatasi zilizoitwa fomu tupu. Barua ikitiwa kimakosa kwenye fungu la hati, ipo, siku moja itaonekana. Ikiitwa fomu tupu, imekwisha. Jambo la wazi kabisa, na lilikuwa mbele yangu kwa siku mbili nzima.

Maboksi ya ghala yalifika baada ya hapo. Niliyakodolea macho kwenye foleni, kila karatasi yake iliyokuja naiomba kwa wenzangu niiamue mimi. Zilikuja chache. Nilidhani ghala lilikuwa na makaratasi machache.

"Hujaiona?" mama akauliza.

"Sijaiona. Ilikuwa barua ya namna gani hasa, mama? Karatasi yenye mistari?"

Akacheka. "Mistari tungeipata wapi siku zile? Karatasi zilikuwa hazipatikani. Baba aliandika nyuma ya fomu za ghala, makarani wote wakifanya hivyo. Nshakwambia hilo."

Hakuwahi kuniambia. Au aliniambia nami nilikuwa nimechoka. Chakula kilinishinda.

Siku ya pili nilifungua daftari la programu, lile linaloandika kila karatasi, aina yake na alama yake, nikaomba fomu tupu zote za maboksi ya ghala. Programu ilikuwa ikitazama mbele na nyuma kwa pamoja na kutoa alama moja. Fomu ambazo zilikuwa tupu kweli zilipata tisini na kitu. Chini yake kulikuwa na nyengine, za sabini na ngapi, ambazo mbele ni fomu isiyojazwa na nyuma kuna ukungu wa wino. Mashine iliuona ule ukungu, ikaingia shaka, na shaka yake ikaiandika kama ilivyotakiwa. Kwa kizingiti cha zamani zote zingekuja mezani kwangu.

Nilishuka kuulizia magunia. Yalikuwa yameshachomwa.

Nilizichapisha zile picha ndogo, nikazipeleka nyumbani. Katika hizo hapakuwa na herufi ya kusomeka, vistari vya kijivu tu. Sikutegemea kitu. Nadhani nilitaka mama anigombe, yaishe. Nilimueleza yote, na kwamba mimi ndiye niliyesema sabini.

Hakunigomba. Alivaa miwani, akazipitia taratibu, akafika kwenye moja iliyopata sabini na mbili, akasimama hapo. Pembeni, chini, palikuwa na doa jeusi dogo.

"Hii hapa," alisema. "Hiki kidole changu. Wino ulinimwagikia nikaishika karatasi, baba akasema basi, iache, hana karatasi nyengine."

Aliisogeza dirishani, akaisogeza karibu na uso, akaivua miwani na kuivaa tena. Kisha akanipa mimi.

"Wewe ndiye mwenye macho," alisema. "Nisomee. Kasema siku ngapi?"