Kiu ya Fundi Cherehani

Miaka sita fundi cherehani alikuwa ametulia, tangu aanze dawa za kunyamazisha sauti kichwani. Ghafla akaanza kunywa maji utadhani ana shimo tumboni. Dada yake, aliyemlea, akaona wazimu umerudi. Akaufunga mlango wa jikoni kwa kufuli, asiyafikie maji.

"Ndoo nzima asubuhi moja, mdogo wangu? Unataka kuota magamba?"

Fundi akakonda, macho yakaingia ukungu, uzi ukamshinda kutunga. Dada akampeleka kliniki ya akili aongezewe dozi.

Nesi akamtoboa kidole. Kipimo kikasoma ishirini na nane, ilhali kawaida hakifiki hata kumi.

"Mara ya mwisho alipimwa sukari lini?"

"Sukari? Na wembamba huu?"

"Hizi dawa zinaweza kuipandisha hata kwa mwembamba. Alitakiwa apimwe kabla ya kuanza, baada ya miezi mitatu, halafu kila mwaka. Tumezembea sisi. Leo analazwa. Ila dawa asiache mwenyewe, daktari ndiye ataamua."

Dada akashika kichwa. "Aliniomba maji, nikamcheka."

Fundi alikuwa amejilaza kwenye benchi, midomo imepasuka.

"Usilie, dada," akasema taratibu. "Hata mimi nilidhani ni wazimu."