Basi la Shule Lililokimbia Likiwa Limeegeshwa

Hebu mwone anavyoingia pale kwenye geti la shule: mwanamke wa makamo, kompyuta mpakato ameikumbatia kifuani kama mtoto mwenye homa, viatu vina vumbi, na macho yanakwepa kila anayemsalimu. Ni Alhamisi asubuhi. Huyu ndiye fundi wa picha wa mtaa mzima. Ukifumba macho kwenye picha ya harusi, yeye ndiye anayekufumbua. Anakwenda ofisi ya mwalimu mkuu kusema jambo alilopaswa kulisema tangu Jumatatu.

Mambo yalianza kwa mzaha. Shemeji yake, mdogo wa mume wake, ni dereva wa basi dogo la shule. Anaendesha polepole hata watoto wanamwita Kobe. Jumamosi aliegesha basi kwenye ua wa studio ya fundi, akalisugua likang'aa, kisha akasema, "Shemeji, hebu lipige picha, halafu ulikimbize. Angalau siku moja nionekane mwanaume wa mbio!"

"Wewe? Hata konokono anakupigia honi."

Wakacheka. Fundi akampiga picha akiwa ameshika usukani, injini imezimwa. Kwenye kompyuta akalikata basi, akalipandikiza kwenye picha ya barabara aliyoipiga jioni moja, taa zikiwa zimeanza kuwaka. Akalitia giza kidogo lifanane na saa ile. Mtaa akauvuta kwa mlalo, kufuata njia ya gari, hadi maduka na nguzo vikawa mistari. Basi lenyewe akaliacha kali, bila ukungu, kana kwamba mpiga picha alilifuata kwa kamera lilipopita. Magurudumu akayapa ukungu wa mviringo, maana gurudumu lililoganda lingeumbua kila kitu. Mwisho akachora michirizi myekundu ikitoka taa za nyuma na kubaki nyuma ya basi. Loo! Ungesema limefyatuka kwenye manati.

Kobe akairusha mtandaoni kwa simu yake, na maneno yake: "Leo sishikiki!"

Jumatatu picha ilikuwa kwenye kundi la wazazi. Jina la shule ubavuni linasomeka vizuri. Kufika saa nne, dereva amesimamishwa kazi kwa mwendo kasi, hatima yake itaamuliwa Alhamisi. Akamwendea fundi mbio. "Shemeji, waambie wewe, mimi hawanisikii."

"Waeleze tu taratibu, watakuelewa," alimjibu, na hakumtazama.

Sasa nikuambie alichokuwa anakificha. Jumatano shule ilikuwa isaini naye mkataba wa picha za wanafunzi wote. Aliogopa kwamba fundi anayedanganya barabara ataonekana anadanganya na sura za watoto. Akanyamaza Jumatatu, akanyamaza Jumanne. Jumatano akasaini. Usiku hakula. Alhamisi ndiyo unamwona.

Mwalimu mkuu alimsikiliza, mikono mezani. Fundi akafungua kompyuta, akaondoa michirizi, akaondoa ukungu wa magurudumu, akarudisha ua. Basi likasimama.

"Mama," mwalimu mkuu akasema, "kama unaweza kulikimbiza, unashindwaje kulisimamisha? Na yule ni shemeji yako."

Hilo fundi hakulitegemea. Akaifunga kompyuta. Kisha akasema, "Basi mwalimu, achana na kompyuta yangu. Fungua picha iliyo kwenye simu yako, ile waliyokuletea wazazi. Ukuze mlango wa basi."

Mwalimu mkuu akaikuza kwa vidole viwili.

"Unaona nini kwenye rangi inayong'aa?"

"Geti... nondo zake. Na mtu ameshika kamera."

"Ni mimi huyo. Hilo ni geti la studio, nondo unaweza kuzihesabu. Gari lingekuwa linakwenda, kila linachokiakisi kingepita juu ya mlango na kuvurugika kama ule mtaa. Nilipaswa kuuvuruga mlango pia. Nilisahau."

Mwalimu mkuu akahesabu nondo kweli, midomo ikicheza. Zilikuwa saba. Akashusha pumzi. "Mwambie dereva kesho saa kumi na moja na nusu alfajiri awe kwenye basi. Na asirushe picha tena." Kuhusu mkataba hakusema neno.

Kobe alikuwa anamsubiri nje ya geti. Alipoambiwa, alimshika mikono yote miwili, machozi yakimlenga.

"Shemeji, Mungu akuweke. Mtu mwingine angetazama kwanza kazi yake. Wewe ulipopata tu nafasi, ukaja."

Fundi akausogeza mkoba begani. Akaufunga zipu. Alijua vizuri kwamba Kobe hakulala siku tatu, maana mke wa Kobe ndiye aliyemsimulia: alikuwa anakaa kitandani akitazama ukuta.

"Twende nyumbani," akasema, "watoto wanakungoja."

Wakatembea bega kwa bega, mmoja akiongea njia nzima, mwingine akiitikia tu. Mkataba umo kwenye mkoba wa fundi. Wewe unayenisikiliza, ungekuwa ni wewe, ungemwambia ulisaini kwanza, au ungemwacha aendelee kukushukuru?