Ritifaa Iliyosimamisha Seva

Ofisi yetu ilikuwa ghorofa ya tatu, Kariakoo, juu ya duka la mabegi ambalo spika yake ilitangaza punguzo la mwisho kuanzia asubuhi hadi jioni, mwaka mzima. Humo ndani tulitengeneza programu ya kuwaunganisha wauzaji wa vitambaa vya jumla na wale wa rejareja. Mwenye duka anaandika ujumbe kwenye simu, programu inausoma, oda inakwenda. Bosi wetu, aliyetoka kwenye ukoo wa wauza vitambaa, aliwaambia wageni kwamba tunatumia akili ya kisasa kabisa. Akili yenyewe ilikuwa mimi na mwenzangu mmoja, na feni iliyozunguka ilipojisikia.

Kazi yangu ilikuwa kukagua alichoandika mwenzangu kabla hakijaingia kwenye seva, na yeye anikague mimi. Alikuwa kijana mzuri, mwepesi wa mikono, na bosi alikuwa amempa cheo cha Mkuu wa Ubunifu. Cheo hicho kilikuja na kiti kinachozunguka.

Wiki chache kabla ya Idi alinipa mabadiliko ya sehemu inayosoma maandishi ya wateja. Alikuwa ametumia rejeksi, yaani kanuni fupi inayoieleza kompyuta maandishi yawe na umbo gani. Mistari kadhaa ya zamani aliyoiona mibovu aliifuta, akaweka mmoja mzuri. Ulikuwa mzuri kweli, kama gari lisilo na breki.

Kanuni ya jina la duka ilisema hivi: herufi moja au zaidi, kisha nafasi ikiwepo, na kundi hilo lijirudie mara moja au zaidi. Tatizo lilikuwa kwenye lile "ikiwepo". Kama nafasi si lazima, basi neno "vitenge" linaweza kuhesabiwa kundi moja, au "vi" na "tenge", au "v" na "itenge", na kadhalika. Jina likikubalika, hakuna anayejua. Lakini likitokea alama isiyotakiwa baada ya herufi nyingi, kompyuta haikati tamaa. Inarudi nyuma na kujaribu kila namna ya kuyakata yale maneno, ikitumaini kwamba safari hii alama itakuwa imeondoka. Kila herufi inayoongezeka kwenye neno inazidisha kazi karibu mara mbili. Na seva yetu ilishughulikia ombi moja baada ya jingine, kwa hiyo moja likikwama, nchi nzima inasubiri.

Kanuni ya idadi ilikuwa na ugonjwa mwingine. Yenyewe ilitafuta tarakimu popote ndani ya ujumbe, ikazichukua, ikafurahi. Maneno yaliyozizunguka haikuyajali.

Niliyaandika yote hayo kando ya mistari yake. Nikamwonyesha pia kwamba alama atakayoikuta mapema ni ritifaa, ile ya kwenye ng'ombe na ng'ambo, maana hakuiruhusu. Alinijibu kwa upole kwamba majaribio yote yamepita. Nikayatazama majaribio. Majina aliyojaribia yalikuwa "Duka" na "Duka Letu". Idadi ilikuwa "5". Ni kweli, yalipita.

Nilikataa kupitisha. Ijumaa bosi akaniita, akanieleza kwa sauti ya kumwonea huruma mgonjwa kwamba Idi haisubiri ukamilifu, na kwamba kuna watu kazi yao ni kujenga na wengine kazi yao ni kuona makosa. Kisha akavaa miwani, akaupitia mstari kwa macho kama mtu anayekagua kanga, akasema unaonekana safi. Akabonyeza kitufe cha kupitisha yeye mwenyewe.

Jumanne asubuhi seva ikasimama. Bosi alianza kulaumu umeme, lakini feni ilikuwa inazunguka. Akahamia kwenye mtandao, halafu kwenye nyaya zilizo chini ya bahari. Nadhani angefika mwezini kama mwenzangu asingeiwasha seva upya. Ikaamka, ikahudumia watu kidogo, ikasimama tena.

Nilifungua kumbukumbu za seva. Ombi la mwisho kabla ya kila kifo lilikuwa lilelile: mama mmoja wa Buguruni anabadilisha jina la duka lake kuwa "Vitambaa vya Maharusi na Sherehe za Mwambao Mng'aro". Herufi zote hizo, halafu ritifaa. Nilimgeuzia mwenzangu skrini. Alisoma, akakaa kwenye kiti chake, na kwa mara ya kwanza kiti hakikuzunguka.

Nikampigia simu yule mama, nikamwamkia, akaitikia marahaba. Nikamwomba asibonyeze tena.

"Mwanangu, nimeandika jina la duka langu tu," akasema. "Jina langu lina kosa gani?"

"Halina kosa, mama. Kosa ni letu."

"Basi vizuri. Maana nilikuwa nakuja huko huko. Kuna jambo jingine."

Alifika kabla ya adhuhuri, akihema kwa ngazi, amevaa dera la zambarau. Hakugomba. Aliketi, akakubali maji, akampa bosi simu yake asome. Siku mbili nyuma alikuwa ametuma ujumbe: "Sitaki tena zile 40." Programu yetu, yenye akili ya kisasa kabisa, ikaona 40, ikamshukuru kwa oda yake. Asubuhi hiyo mkokoteni ulimshushia majora arobaini mlangoni, yamefunga njia ya jirani anayeuza viatu.

Bosi aliusoma ujumbe mara mbili. Nilingoja ataje bahari. Badala yake akamwambia mama pole, akapiga simu majora yakafuatwe kwa gharama ya ofisi, kisha akauliza, bila kumtazama mtu, kama kulikuwa na mtu aliyeliona hili mapema.

Nilikuwa nimeliandaa jibu tangu Ijumaa. Lilikuwa jibu tamu, lenye ncha. Lakini mwenzangu akanitangulia. "Dada hapa aliliandika lote," akasema, akinionyesha mimi. "Mimi ndiye niliyempuuza." Jibu langu likabaki mdomoni kama kipande cha muhogo baridi. Kuwa sahihi, nikagundua, hakuna ladha niliyoitegemea.

Tukaketi pamoja, mama akiwa bado anakunywa maji yake, tukaandika upya. Kwanza urefu wa jina unapimwa kabla ya lolote. Kisha neno, halafu, kama lipo neno jingine, lazima litanguliwe na nafasi moja. Hapo hakuna tena namna mbili za kulikata jina lile lile. Ritifaa ikaruhusiwa. Kwa idadi, ujumbe wote ulingane na umbo la oda tangu mwanzo hadi mwisho, vinginevyo asome binadamu.

Mama akajaribu tena jina lake. Likakataliwa, ila papo hapo. Simu yake ilikuwa inaandika ritifaa iliyopinda, sisi tulikuwa tumeruhusu iliyonyooka. Mwenzangu alicheka hadi akafuta machozi, akaongeza na ile iliyopinda. Jina likaingia.

Ijumaa bosi aliitisha kikao, akatangaza utaratibu mpya aliodai ameufikiria kwa muda mrefu: hakuna mtu, hata yeye, atakayepitisha mabadiliko yaliyokataliwa na mkaguzi. Tulipiga makofi. Jumatatu alikuja mezani kwangu akiwa na miwani mkononi, akauliza kama utaratibu huo unahusu pia mabadiliko madogo madogo.