Fahali Aliyechechemea Kwenye Simu

Baba alitaka kuuza fahali wetu kupitia kundi la WhatsApp la wanunuzi. Alirekodi video ya dakika tatu hapa Isinya, akitembea sambamba naye, lakini wengi hawakuifungua kwa sababu ilikula bando. Nikaikata ikabaki sekunde nne, nikabonyeza GIF, ikawa inajirudia yenyewe bila sauti, nikaituma kundini.

Mnunuzi mmoja wa Ngong akaandika, "Mzee, huyo anachechemea."

Baba akanigeukia. "Umemvunja ng'ombe wangu mguu kwa simu?"

Nikaifungua ile GIF. Nilitazama tena, nikaona kosa. Nilikuwa nimeikata video mguu ukiwa hewani, na kila video ilipoanza upya uliruka ghafla. Nikaikata upya, kuanzia kwato ya mbele ya kulia ikigusa ardhi hadi ilipogusa tena. Hatua ya mwisho ikaungana na ya kwanza, na fahali akatembea vizuri bila kusita. Nikaituma tena kundini.

"Kumbe ni mzima," akaandika yule wa Ngong. "Kesho nakuja."

Alikuja, akamzunguka fahali mara mbili, akakubali kumchukua. Baba akaninyooshea fimbo yake mbele ya wote waliokuwapo. "Aliyemtembeza hadi Ngong ni huyu."