Stroberi Zionekane Ndani ya Plastiki

Niliporudi Nyeri na digrii yangu, kazi niliyoipata ilikuwa ya kutengeneza picha za vitu ambavyo bado havijakuwepo. Duka letu liko ghorofa ya kwanza, juu ya duka la dawa. Kazi inayolilisha hasa ni vijitabu vya mazishi: picha ya marehemu jalada la mbele, wimbo wa kanisani jalada la nyuma. Lakini bosi alikuwa amelipia programu inayochora picha kutokana na maneno unayoiandikia, na akaamua kwamba msomi wa duka ndiye atakayeandika maneno hayo. Sisi tuliyaita promti. Sikuiamini programu ile tangu siku ya kwanza. Ilinikumbusha wanafunzi wenzangu waliokuwa wakijibu swali kwa kujiamini kabla hujamaliza kuliuliza.

Mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa Naro Moru alipanda ngazi zetu Jumatatu asubuhi, akiwa na sweta la shule lisilo lake na ndoo ndogo ya stroberi aliyoifunika kwa kitambaa. Kikundi chao kilikuwa kikilima stroberi na brokoli. Meneja wa duka moja kubwa Nanyuki alikuwa amekubali kuwafikiria, ila alitaka kwanza, kufikia Ijumaa, aone bidhaa itakavyokaa rafuni: stroberi katika kasha la plastiki angavu, lile linalojifunga lenyewe kwa bawaba yake, na brokoli iliyobanwa kwa nailoni inayosinyaa kwa joto. Makasha yenyewe hayakuwepo. Muuzaji wa makasha, Nairobi, hakuuza machache, na akina mama hawakutaka kununua shehena kabla ya kujua kama rafu wanayo.

"Kwa hivyo anataka picha ya kitu hakuna," nilisema.

"Eeh. Na wewe si ndio unachora kitu hakuna?" alisema, akaketi. "Kijana wangu, nisikize. Wenzangu wamechoka. Wawili washang'oa, wamerudi kwa kabeji. Huyu mtu akikataa Ijumaa, hiyo kikundi imeisha. Hakuna mwingine nitawaambia tungoje."

Nilimuuliza anataka picha iweje. Hakufikiri hata kidogo.

"Ing'ae. Ing'ae vizuri."

Nilielewa alikotoa wazo hilo. Kabla ya stroberi aliuza nyanya sokoni Giakanja, na kule kila mama ana kitambaa chake. Kila nyanya inapanguswa mpaka imeremete kabla ya kupangwa, kwa sababu mnunuzi anayepita akiona mng'ao anaona usafi. Mimi mwenyewe nimelelewa na kitambaa kama hicho. Kwa hivyo nikaandika, kwa Kiingereza kwa kuwa Kiswahili programu ilikielewa nusunusu, kwamba nataka kasha angavu kama kioo, linalometameta, stroberi nyekundu ndani, brokoli kando yake katika nailoni yake, taa kali za studio. Picha ikatoka. Mwenyekiti akaitazama, akasema, "Hapo sasa," tukaituma.

Jibu la meneja lilifika kabla mwenyekiti hajamaliza chai tuliyompa. Lilikuwa ujumbe wa sauti, na alituwekea sote tusikie.

"Mama, hizi mbona ziko na kitu nyeupe juu? Ni kama zimeanza kuoza. Na hiyo brokoli ni ya friza? Mimi nilisema fresh."

Nikaikuza picha kwenye skrini. Alikuwa sahihi. Juu ya kifuniko kulikuwa na doa kubwa jeupe la pembe nne, kama taswira ya dirisha, na mahali ambapo dirisha hilo lisilokuwepo lilikuwa limeanguka, stroberi zilifunikwa na utando wa kijivu. Brokoli ilikuwa na michirizi ya fedha kama iliyopigwa na barafu. Plastiki ilionekana vizuri sana. Kilichokuwa kikiuzwa hakikuonekana.

"Toa hiyo weupe," mwenyekiti alisema. Hakuwa na hasira.

Nilifanya ambavyo mtu yeyote angefanya: nikaongeza maneno "bila mng'ao, bila taswira ya dirisha." Madirisha yakawa mawili. Ndipo nikaanza kuuliza maswali ambayo ningepaswa kuyauliza asubuhi. Programu hii haijawahi kushika kasha. Imeona picha za makasha, nyingi mno, na nyingi kati ya hizo zimepigwa chini ya taa za studio zinazoacha madoa hayohayo meupe. Ukitaja kumetameta inakuletea yote iliyowahi kuyaona. Ukitaja mng'ao ili kuukataza, umeshautaja, na mara nyingi neno "bila" halina nguvu ya kuufukuza.

Basi nikafuta kila neno la kung'aa, la kukubali na la kukataa. Nikaanza na stroberi zenyewe: mbegu zake ndogo za njano, majani yake ya kijani, zionekane wazi kupitia kifuniko. Nikaeleza mwanga badala ya plastiki: mwanga mpana, laini, wa siku ya mawingu, unaotoka juu kushoto, na kamera imeinama kidogo. Nyuma nikaweka ukuta wa kijivu usio na kitu, ili kusiwe na chochote cha kujitazama kwenye plastiki.

Stroberi zikatoka safi. Kasha likatoka bila kifuniko.

Bosi, aliyekuwa akipita na karatasi za mazishi, alisimama nyuma yangu. "Msomi," akasema, "umewatengenezea trei."

"Ameniambia nitoe weupe."

"Weupe umetoa. Na mfuniko pia."

Mwenyekiti alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekaa kwenye kiti cha plastiki tangu asubuhi. Mimi pia nilikuwa nimechoka. Nilikuwa na swali ambalo sikulisema: kama kitu kinaonekana kwa sababu ya mwanga unaokipiga, na mwanga huo ndio unaokificha kilicho nyuma yake, tunataka nini hasa?

Tulitaka kidogo. Hilo ndilo jibu nililolifikia mchana, baada ya bosi kununua chapati na kutugawia. Plastiki ionekane pale inapojikunja tu. Nikaandika: mstari mmoja mwembamba wa mwanga kwenye ukingo wa kushoto wa kifuniko, bawaba nyuma, matundu madogo ya hewa juu, mifereji pembeni mwa kasha, katikati ya kifuniko pawe wazi kabisa. Kwa brokoli: nailoni nyembamba iliyobana umbo lake, mikunjo midogo inayokusanyika chini ya shina, vichwa vya kijani vikionekana kila kimoja. Safari hii kasha likawa kasha. Kulikuwa na mstari wa pili wa mwanga upande wa kulia, ambako kivuli kilikuwa kinaangukia, yaani ulitoka kwa taa ambayo haikuwepo. Nikaichagua sehemu hiyo peke yake, nikaiagiza programu iichore upya pasipo kugusa pengine. Mstari ukatoweka.

Bosi akasema tuitume. Mwenyekiti akasema tuitume. Mimi nikaendelea kuitazama, kwa sababu sasa tulikuwa tunaziona stroberi.

"Mama, hizi ni zenu?"

"Ni za kompyuta."

"Zinafanana na zenu?"

Akafunua ndoo yake. Stroberi zao zilikuwa ndogo kuliko za kwenye picha, hakuna mbili zenye umbo moja, na karibu na jani nyingi zilikuwa na shingo nyeupe. Kule chini ya mlima baridi haiziachi ziive hadi juu. Zilikuwa tamu, nilikuwa nimekula kadhaa bila kuombwa. Za kwenye picha zilikuwa nyekundu kutoka ncha hadi jani, kubwa, zimelingana kama sare za shule.

"Wacha zikae hivyo," alisema. "Akishakubali tutajua ya kufanya."

"Akifungua kasha la kwanza?"

"Kijana, mimi nahitaji Ijumaa. Hiyo kasha ya kwanza iko mbali."

"Haiko mbali. Na hili kasha linaonekana pande zote, hata chini. Huwezi kupanga nzuri juu kama kwa debe."

"Ati unanifunza kupanga?" Alinikazia macho. Bosi akakumbuka kazi yake kwingine. Kisha mwenyekiti akaitazama ndoo yake, na niliona kwamba hakuwa akifikiria uongo wala ukweli. Alikuwa akifikiria wanawake watakaomkuta nyumbani jioni, wakimuuliza meneja amesemaje.

"Akiona hizo shingo atakataa," alisema.

"Anaweza."

"Na ni wewe utawaambia?"

Shingo yangu haikuwa hatarini, na hilo lilinifanya niyaonee aibu maswali yangu kidogo, ingawa sikuyaacha.

Mwishowe alisimama, akabeba ndoo mwenyewe hadi kibarazani. Mawingu yalikuwa yameshuka, kama kawaida ya Nyeri, na hapakuwa na jua wala kivuli kikali. Tukazipanga stroberi zake kwenye karatasi ya kijivu, zenye shingo na zisizo na shingo, nikazipiga picha kwa simu nikiwa nimeinama kidogo. Nikaipa programu picha hiyo na kuiambia stroberi zisibadilike, ila kasha tu lijengwe kuzizunguka, kwa mwanga uleule wa mawingu. Mara ya kwanza ilizipaka rangi shingo zote, kwa hisani yake. Nikarudia, nikiandika shingo nyeupe kama kitu ninachokitaka. Zikabaki.

Mwenyekiti aliituma yeye mwenyewe, pamoja na ile ya brokoli, na akaongeza ujumbe wa sauti. "Hizi ndizo zetu. Hiyo nyeupe ni baridi ya mlima, si kuoza. Ukitaka tamu, ni hizi. Ukitaka nyekundu mpaka juu, sina."

Meneja hakujibu siku ile. Hakujibu hata kesho yake. Nilichapa vijitabu vya mazishi, nikajiuliza kama nilikuwa nimemuuzia mama wa watu dhamiri yangu kwa hasara yake. Bosi alikuwa na maoni yake kuhusu hilo, na aliyatoa kila aliponipita.

Alhamisi mwenyekiti alinitumia jibu alilopewa. "Nimeona. Brokoli sawa. Stroberi nunueni makasha, mlete nijaribu. Zikifanana na picha zinakaa. Zisipofanana mnarudi nazo."

Wiki kadhaa baadaye, nikiwa nahangaika na picha ya marehemu iliyopigwa akiwa amefumba macho, simu ikalia. Mwenyekiti alikuwa amesimama mbele ya rafu Nanyuki na kuipiga picha kwa simu yake, flashi ikiwaka. Kila kifuniko kilikuwa jua dogo jeupe. Sikuweza kuona stroberi hata moja. Chini yake alikuwa ameandika: "Zimekaa."